Uzi: Nafupisha rekodi ya uchaguzi wa chama cha wakaazi, kura 9 sizioni

katibu_mdogo
Assalaam alaykum wenzangu. Nina kazi imenikalia rohoni tangu juzi, naomba mnishike mkono.

Chama chetu cha wakaazi hapa Langoni, Lamu, kilifanya mkutano mkuu Jumamosi na kuchagua viongozi. Mimi ni katibu msaidizi na siku hiyo nilikuwa Mombasa na mgonjwa. Katibu anayeondoka amenitumia rekodi ya simu ya dakika 107, akaniambia niifupishe: nani walipendekezwa, kura zilizopigwa, na matokeo ya mwisho. Kurasa mbili, wanachama wasomewe Ijumaa.

Nimeisikiliza mara mbili. Majina nitayaficha, lakini hesabu ni zile zile. Uenyekiti ulipigiwa kura za karatasi. Msimamizi wa uchaguzi anasema karatasi zilizogawiwa ni 71, zilizorudi 70, zilizoharibika 2, halali 68. Kisha anasoma: wa kwanza 38, wa pili 21, "wa tatu kwenda". Nimeelewa kwamba wa tatu alijitoa akaenda zake. Sasa 38 na 21 ni 59. Kutoka 59 hadi 68 zimepungua kura 9. Sitaki kuandika kitu kitakachozua maneno mtaani. Nifanyeje?

Nahodha Mstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Kwani wewe ni mzaliwa wa wapi?

katibu_mdogo
Mpeketoni, baba. Nimehamia Langoni mwaka wa tatu huu.

Nahodha Mstaafu
Basi ndiyo maana. Kura zako hazijapotea. Huyo msimamizi bila shaka ni mtu mzima, na sisi wazee wa Amu tunahesabu saba, nane, kenda, kumi. Hakusema "wa tatu kwenda". Alisema "wa tatu, kenda". Kenda ni tisa. 38, 21 na 9 ni 68 kamili, hesabu yake imetimia. Na huyo wa tatu usimwandike kuwa alijitoa, maana alikaa hadi mwisho akapata kura zake tisa.

katibu_mdogo
Subhanallah. Nimerudi kusikiliza, ni "kenda" kweli, tena imetamkwa wazi. Nilikuwa nimeshaandika sentensi nzima kwamba mgombea aliondoka ukumbini! Angesomewa hivyo Ijumaa mbele ya watoto wake ingekuwa aibu kubwa kwangu. Ahsante sana baba.

hakimu_wa_mtaa
Hapo kwenye uenyekiti kuna jambo. Ili mwenyekiti awe halali lazima apate zaidi ya nusu, yaani asilimia 50 na kura moja. Hiyo ndiyo sheria ya Kenya. Huyu wako ana 38, sawa amepita, lakini kwenye muhtasari uandike kwa kila cheo kama mshindi alifikisha au hakufikisha. Asiyefikisha uandike uchaguzi urudiwe.

Bi Miniti
Ndugu hakimu, hiyo ya zaidi ya nusu iko kwenye Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 138, na inahusu uchaguzi wa rais. Hata gavana na mbunge hupita kwa kura nyingi tu. Chama cha wakaazi kinafuata katiba yake chenyewe. Vipo vyama vilivyoandika zaidi ya nusu, na vipo vilivyoandika mwenye kura nyingi. Kwa hivyo katibu_mdogo afungue katiba ya chama chake. Na hata akikuta imeandikwa zaidi ya nusu, si kazi ya anayefupisha kuamuru uchaguzi urudiwe. Anaandika yaliyotokea, wenye kupinga watapinga kwenye mkutano.

Nimeandika miniti za vikundi na vyama hapa Lamu kwa zaidi ya miaka ishirini, dada, niruhusu nikuambie ninavyofanya mimi. Rekodi ya uchaguzi siianzi mwanzo. Naenda kwanza dakika kumi za mwisho, kwa sababu msimamizi mzuri husoma orodha nzima ya waliochaguliwa kabla ya dua ya kufunga. Hiyo orodha naiandika neno kwa neno. Ndiyo matokeo ya mwisho. Halafu ndiyo narudi mwanzo, na kila cheo nakipa ukurasa wake: nani alipendekeza, nani aliunga mkono, aliyependekezwa alijibu nini, kura ngapi, nini kilitangazwa. Kando ya kila jambo naweka dakika nilipolisikia. Mtu akija kubisha simtolei maneno, namfungulia dakika ile asikie mwenyewe.

Na hapo kwa mwenyekiti usiandike "kura zilizopigwa 68". Zilizopigwa ni 70. Halali ni 68. Ile karatasi moja iliyogawiwa isirudi nayo iandike, kwa sababu msimamizi aliitaja mwenyewe. Mtu akikuta 71 kwenye daftari la mahudhurio na 68 kwenye muhtasari, bila maelezo ya katikati, atasema tatu zimeibwa.

Cheo gani kingine kinakusumbua?

katibu_mdogo
Dada, vyote! Nitakwenda kimoja kimoja. Makamu nimeandika wagombea watatu, lakini sisikii kura hata moja ikipigwa. Kwenye orodha ya mwisho, dakika ya 104, anatajwa mmoja wao kuwa makamu. Nafikiri sehemu ya kura ilikatika kwenye rekodi?

Bi Miniti
Usidhani imekatika kabla hujasikiliza walivyojibu. Mtu kutajwa jina hakumfanyi mgombea. Tuandikie yale maneno yenyewe.

katibu_mdogo
Haya, kuanzia dakika ya 41. Mtu anasema "nampendekeza Mwalimu", mwingine anasema "naunga mkono". Kisha mama mmoja anampendekeza mwenye duka la samaki, kimya, msimamizi anauliza "nani anaunga mkono?" mara mbili, kimya, anasema "tuendelee". Kisha anapendekezwa kijana mmoja, anaungwa mkono na watu kama watatu kwa pamoja, yeye anasema "nashukuru, lakini nina safari za bahari, niacheni". Watu wanacheka. Msimamizi anasema "basi amebaki mmoja", wanapiga makofi.

Bi Miniti
Basi rekodi yako ni nzima. Mwalimu alipita bila kupingwa. Waliopendekezwa ni watatu, mgombea ni mmoja. Huyu wa samaki hakupata wa kumuunga mkono, na kijana aliungwa mkono lakini akakataa. Wote watatu waandike kwenye sehemu ya mapendekezo, kila mmoja na sababu yake kwa maneno machache, na kwenye sehemu ya kura andika "hakukupigwa kura, mgombea alibaki mmoja". Usiweke sifuri mbele ya majina ya wale wawili. Sifuri maana yake alisimama akakosa mtu wa kumchagua, na hilo halikutokea.

Mama Mahamri
Haya mambo ya kupendekezwa bila kuulizwa yaniudhi sana. Kikundi chetu cha akina mama walinipendekeza uweka hazina nikiwa jikoni nakaanga mahamri ya mkutano wao! Nilirudi na sinia nikaambiwa hongera. Sikukubali wala sikukataa, nilikuwa sijui. Kwenye miniti wakaandika "alikubali". Mpaka yeo nabeba daftari la watu.

Bi Miniti
Pole mama. Hapo katibu alipaswa kuandika kwamba hakuwepo ukumbini alipopendekezwa na hakuulizwa. Rekodi ingekuwepo ungewaonyesha.

katibu_mdogo
Cheo cha katibu ndicho kigumu zaidi. Walipiga kwa kunyanyua mikono. Mkutano ulikuwa madrasa, wanaume chini na wanawake ghorofani, kwa hivyo wanahesabiwa mbali mbali. Chini msimamizi anasema mgombea wa kwanza 24, wa pili 17, inasikika vizuri. Kisha mwanamke anapiga kelele kutoka juu hesabu ya mgombea wa kwanza: "kumi na n...", na hapo hapo punda analia nje dirishani, neno likamezwa. Sijui ni nne au nane. Wa pili anasema "kumi", hiyo iko wazi. Kwenye daftari wanawake waliosaini ni 28 na wanaume 43. Nimeona 18 na 10 ni 28 kamili, kwa hivyo nimeandika 18.

fundi_sauti
Punguza mwendo hadi 0.75 na uvae visikizi. Kama una kompyuta, kata kipande hicho peke yake ukirudie rudie:

```
ffmpeg -ss 00:58:10 -t 40 -i mkutano.m4a -c copy kipande.m4a
```

Hiyo inaanza dakika ya 58 na sekunde 10, inachukua sekunde 40. Faili ya asili haiguswi.

Nahodha Mstaafu
Punda akilia hata ukipunguza mwendo utamsikia yeye tu, taratibu zaidi.

Bi Miniti
Kipande ni kizuri kwa kumpelekea yule mama aliyehesabu. Lakini dada, hiyo 18 usiiandike kwa sababu ya 28. Umechukua idadi ya waliosaini ukaigeuza kuwa idadi ya waliopiga kura. Nani amekuambia wanawake wote 28 walinyanyua mikono? Msimamizi alitangaza jumla?

katibu_mdogo
Ndiyo, dakika ya 60. Anasema "jumla, wa kwanza thalathini na n..." na watu wanaanza makofi. Nasikia kama "nane" lakini sina hakika. Wa pili "ishirini na saba".

Bi Miniti
Hapo sasa pana njia. Ishirini na saba ni 17 na 10, kwa hivyo msimamizi anajumlisha chini na juu kama tunavyodhani. Tumjaribu wa kwanza. Kama juu walikuwa 18, jumla ni 24 na 18, yaani 42, na angesema "arobaini na mbili". Wewe umesikia "thalathini". Kwa makofi yoyote, arobaini haiwezi kusikika thalathini. Kama juu ni 14, jumla ni 38, "thalathini na nane", na ndivyo sikio lako linavyokuambia. Thalathini na nne nayo haiwezi kuwa, kwa sababu ingetaka juu wawe 10 tu, na yule mama alisema kumi na kitu.

Kwa hivyo ni 14, na jumla 38. Ile 28 yako iliyotimia ilitimia kwa bahati tu.

hakimu_wa_mtaa
Sasa kuna haja gani ya hayo yote? Awe na 38 au 42, wa pili ana 27. Mshindi ni yule yule. Andika "alishinda kwa kura nyingi" ulale.

Bi Miniti
Mshindi ni yule yule, hapo umesema kweli. Lakini ameombwa aandike kura zilizopigwa, na wapo watu watakaochukua kalamu Ijumaa. Akiandika 18, kura za cheo hiki zinakuwa 69. Akiandika 14 zinakuwa 65. Msimamizi naye alitangaza 38. Muhtasari wenye 42 unapingana na tangazo lililosikiwa na ukumbi mzima, na ukishapingana mahali pamoja watu wataukataa wote.

Ila, katibu_mdogo, hata 14 tumeipata kwa hesabu, hatukuisikia. Iandike hivyo hivyo. Mimi ningeweka: "Wanawake: 14 (neno halisikiki vizuri dakika ya 58, idadi imetokana na jumla ya 38 iliyotangazwa dakika ya 60)". Halafu mtafute mama aliyehesabu. Waliohesabu mara nyingi huandika kwenye kijikaratasi. Kikipatikana, maelezo ya kwenye mabano unayafuta.

katibu_mdogo
Na wale wanawake wanne waliobaki? 14 na 10 ni 24, daftari lina 28. Niandike wanne hawakupiga kura?

Pwani Mkaazi
Mimi nilikuwepo kwenye mkutano huo, nimeutambua kwa punda. Wakati wa cheo cha katibu kuna akina mama walikuwa wameshuka uani kutayarisha chai. Wangapi sijui.

Bi Miniti
Umeona? Msimamizi hakuuliza nani hajapiga, kwa hivyo hiyo idadi haipo. Daftari linaonyesha walioingia mlangoni, halionyeshi waliokaa ghorofani dakika ya 58. Andika kura 65 uachie hapo.

katibu_mdogo
Sawa, nimeelewa. La mwisho ni mweka hazina, na hili ndilo naliogopa. Dakika ya 84 mikono inahesabiwa: mgombea wa kwanza 31, wa pili 30. Fujo. Mtu anasema hesabu ya nyuma imerukwa. Msimamizi anakubali, inahesabiwa tena dakika ya 91: wa kwanza 30, wa pili 33. Kelele zaidi, wengine wanasema wameingia watu waliokuwa nje kutia udhu. Kisha adhana ya alasiri. Msimamizi anasema "basi ni hivyo". Niandike nani?

Pwani Mkaazi
Wa kwanza alishinda kihalali. Hesabu ya kwanza ndiyo hesabu. Wale waliingia baadaye, niliwaona kwa macho yangu.

hakimu_wa_mtaa
Ya pili inafuta ya kwanza, hilo liko wazi. Ndiyo maana ya kuhesabu tena.

Bi Miniti
Ndugu Pwani, ulichokiona unaweza kukisema kwenye mkutano na nina hakika utasikilizwa. Lakini katibu_mdogo hakukiona, na rekodi haionyeshi mlango. Anachoweza kuandika ni kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa 31 kwa 30, ikapingwa, msimamizi akaamuru kuhesabu tena, ya pili ikawa 30 kwa 33, na kwamba baadhi ya wanachama walisema kuna walioingia katikati. Hesabu zote mbili zikae pale na dakika zake. Ukiandika ya pili peke yake utakuwa umeficha mzozo, na ukiandika ya kwanza peke yake utakuwa umempindua aliyetangazwa.

Jumla pia inasema kitu: ya kwanza ni mikono 61, ya pili ni 63. Mikono miwili imeongezeka. Inaweza kuwa ndiyo hiyo safu ya nyuma iliyorukwa, inaweza kuwa ni waliotoka kutia udhu. Rekodi haiwezi kukuambia ni ipi, na wewe usichague.

"Basi ni hivyo" si tangazo. Ndiyo maana nilikuambia uanze mwisho. Kwenye orodha ya dakika ya 104, mweka hazina alisomwa nani?

katibu_mdogo
Wa pili, yule wa 33. Anamtaja kwa jina lake na la baba yake. Nasikia mtu mmoja anasema "siyo", kisha dua.

Bi Miniti
Basi kwenye matokeo ya mwisho unamwandika huyo, na unasema "kama alivyotangazwa na msimamizi, dakika ya 104". Hilo neno "siyo" nalo liweke kwenye maelezo ya cheo hicho: mwanachama mmoja alipinga tangazo. Jina lake usilibahatishe kwa sauti. Hapa mtaani ndugu wanne wana sauti moja.

Na majina ya waliochaguliwa yaandike matatu kamili, kutoka kwenye daftari. Nikihesabu kina Mohamed Ali wa Langoni pekee vidole havinitoshi, na kwenye rekodi watu wanatajana kwa lakabu.

Nahodha Mstaafu
Kweli kabisa. Kuna mwaka tulimwandikia msajili jina la mtu, kumbe ni binamu yake aliyeko Faza.

Bi Miniti
Na kwa msajili hakuna muda wa kupoteza. Kama chama chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, mabadiliko ya viongozi yanapelekwa ndani ya siku 14. Kama mmesajiliwa kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 taratibu ni nyingine, angalia cheti chenu. Kwa vyovyote vile kinachopelekwa ni miniti zilizosainiwa. Huu muhtasari wako ni wa kusomewa wanachama.

fundi_sauti
Rekodi yenyewe usiirushe kwenye kundi la Whatsap. Sauti za watu zimo, na wengine hawakujua wanarekodiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Iweke kwa katibu na nakala moja kwa mwenyekiti.

Pwani Mkaazi
Mimi bado nasema walioingia walikuwa zaidi ya wawili.

katibu_mdogo
Nimerudi. Jana jioni nilimpata mama aliyehesabu ghorofani. Kijikaratasi anacho bado, amekikunja ndani ya pochi ya simu: vijistari vitano vitano, mafungu mawili na vijistari vinne. Ni 14. Nimeyafuta maelezo ya kwenye mabano na nimekipiga picha kijikaratasi kwa ruhusa yake.

Cheo cha katibu nimekiandika hivi, nitazameni:

"Katibu. Walipendekezwa wawili, wote wakaungwa mkono na wakakubali (dakika ya 52 hadi 55). Kura kwa kunyanyua mikono. Mgombea wa kwanza: wanaume 24, wanawake 14, jumla 38. Mgombea wa pili: wanaume 17, wanawake 10, jumla 27. Kura zilizopigwa 65. Alitangazwa mgombea wa kwanza (dakika ya 60), na jina lake lilisomwa tena kwenye orodha ya mwisho (dakika ya 104)."

Mweka hazina nimeandika hesabu zote mbili. Nilimsomea msimamizi kwa simu, akanyamaza kidogo, akasema hana la kupunguza. Lakini mgombea wa kwanza amenipigia usiku, anataka niongeze kwamba waliingia watu saba. Nimemwambia saba haimo kwenye rekodi, alete kwa maandishi isomwe Ijumaa kama barua yake. Hajajibu.

Bi Miniti
Ulivyomjibu ni sawa. Kwenye hiyo ya katibu ongeza tu nani alipendekeza na nani aliunga mkono kwa kila mmoja, umesahau.

katibu_mdogo
Kweli, nimesahau. Narudi dakika ya 52.